Vidole Vinne au Vitano?

Saa moja kasoro asubuhi, kati ya Kidatu na Mang'ula, upande mmoja wa barabara ni miwa na upande wa pili ni milima ya Udzungwa ikiwa bado imejifunika ukungu. Kijana wa bodaboda aliyenipakia alipunguza mwendo kabla sijamgusa bega. Amenizoea.

"Mzee, wa leo yule pale," akasema. "Fungo huyo."

Mnyama alikuwa amelala ubavu ukingoni mwa lami, kichwa kikielekea shamba la miwa. Mwili ulikuwa wa kijivu kichafu, miguu mirefu na myeusi, mkia mnene wenye manyoya mengi, mweusi kutoka shinani hadi nchani. Ukubwa wake ni wa paka dume aliyeshiba. Manyoya ya juu yalikuwa yamelowa umande, lakini nilipomwinua kidogo kwa kijiti, lami chini yake ilikuwa kavu. Basi aligongwa kabla umande haujashuka, pengine na lori la miwa, maana magari hayo hayalali msimu wa mavuno.

Fungo hakuwa. Fungo ana madoa na mistari ubavuni, ana weusi unaopita machoni kama kitambaa, na shingo yake imechorwa mabaka meupe na meusi yasiyofutika hata akikanyagwa mara tatu. Huyu hakuwa na doa hata moja. Lakini kujua kwamba mnyama si fungo ni sawa na kujua kwamba mgeni aliyebisha hodi si shangazi. Bado hujajua ni nani.

Wanyama wengi wadogo walao nyama hutembea usiku. Mtu anaweza kuishi Mang'ula miaka thelathini, akalima mpaka kwenye kingo za msitu, asimwone mmoja wao akiwa hai isipokuwa macho mawili yanayowaka kwenye taa za pikipiki. Barabara ndiyo inayowaleta mchana kweupe. Mwaka 1990, huko Nechisar kusini mwa Ethiopia, watafiti waliokota barabarani bawa moja la ndege aliyepondwa na gari. Mwaka 1995 bawa hilo lilitangazwa kuwa la aina mpya ya mpasuasanda isiyojulikana duniani. Sitaraji bahati ya namna hiyo barabara ya Ifakara. Ila nataka nikiandika jina la mnyama katika daftari, mtu mwingine aweze kulikagua na kukubali au kukataa.

Kwa hiyo sianzi na jina. Naanza na mdomo.

Meno hupunguza wasiwasi upesi kuliko kiungo kingine chochote, kwa sababu hayabadiliki kwa mvua, vumbi wala umri wa manyoya. Inua mdomo wa juu kwa kijiti. Ukiona meno mawili makubwa mbele, kisha pengo tupu, kisha magego nyuma, una jamii ya panya mkononi: panya buku, ndezi, nungunungu, kindi. Sungura naye ana pengo hilo, lakini nyuma ya meno yake mawili ya juu yamejificha mengine mawili madogo kama njiti za kiberiti. Ukiona chonge nne zilizochongoka, uko kwa walao nyama, na hapo hesabu ya meno ya nyuma ya chonge ndiyo inayogawa koo. Paka wa kila aina, wa nyumbani, wa porini au mondo, ana meno machache, jumla 30, na taya lake ni fupi. Bweha anayo 42 kwenye taya refu. Fungo, kanu na nguchiro wengi wanayo 40. Huhitaji kuyahesabu yote. Hesabu upande mmoja wa taya la juu, nyuma ya chonge: paka ana manne, na la mwisho ni dogo sana hata unaweza kulipita, nguchiro ana sita.

Hapa watu hukosea kwa kutumia nguvu. Mzoga ukianza kukakamaa, taya ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kushika, na anayelazimisha kulifungua huvunja meno au hujikwaruza nayo. Kichaa cha mbwa huwapata nguchiro, bweha na paka pori vilevile, na virusi vyake hukaa kwenye mate na ubongo, vitu viwili ambavyo gari huvimwaga ovyo. Kijiti na glovu vinatosha kuinua mdomo. Kinachoonekana pembeni ndicho utakachoandika, na kisichoonekana kiache. Kuna mzoga mmoja tu ambao simsogelei kabisa: mnyama aliyevimba, hana jeraha lolote la gari, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma. Huyo ni wa kuripotiwa kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa huenda ni kimeta.

Mnyama wangu alikuwa na chonge ndogo na magego sita nyuma yake, mapana, yenye vilima vya mviringo badala ya makali ya mkasi. Hayo ni meno ya kusaga mbawakawa, mchwa na konokono. Pua ilikuwa ndefu, masikio mafupi ya duara yamelala pembeni mwa kichwa. Nikamwambia kijana, "Ni nguchiro."

Akacheka. Kwake nguchiro ni yule mdogo wa mchana, mwekundu-mwekundu, anayevuka barabara mkia umesimama na ncha nyeusi, au wale wenye mistari mgongoni wanaotembea kundi zima wakigombana. "Nguchiro gani mkubwa hivi, mzee?"

Hilo ndilo swali lililonifanya nikae kando ya barabara nusu saa. Wako nguchiro wanne wakubwa, wa usiku, wenye miguu myeusi na mkia mzito, ambao wangeweza kulala mahali pale.

Wa kwanza na wa kawaida ni nguchiro mkia-mweupe, ambaye kitaalamu huandikwa Ichneumia albicauda. Ni miongoni mwa nguchiro wakubwa kuliko wote, wa kilo mbili hadi tano, na yuko karibu kila mahali penye nyasi na vichaka kuanzia Pwani hadi Maziwa Makuu. Wa pili ni Bdeogale crassicauda, nguchiro wa misitu na vichaka vya upande wa pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, mdogo kidogo, mwenye mkia mweusi uliojaa kama kichaka. Wa tatu ni Bdeogale jacksoni, aliyejulikana zamani katika misitu ya Kenya na Uganda tu, mpaka kamera za kutega zilipomnasa katika misitu ya Udzungwa, mamia ya kilomita kusini ya pale alipodhaniwa kuishia. Wa nne ni Rhynchogale melleri, anayekula sana mchwa, na ambaye hata watafiti hawamwoni mara kwa mara.

Sasa tazama mikia yao. Wa kwanza ana mkia mweupe, jina lake linasema hivyo. Lakini katika baadhi ya maeneo wako wenye mkia mweusi mtupu. Wa pili ni mweusi. Wa tatu ni mweupe. Wa nne huwa mweusi au wa kahawia, na mara nyingine mweupe. Yaani kile kiungo kinachoonekana kwanza, kinachokumbukwa na kila mpita njia, ndicho kisichoweza kutenganisha hata wawili kwa uhakika. Mkia unafaa sana kwa kanu, kwa sababu hakuna uchafu unaoficha pete zake, na unafaa kwa kumtenga bweha na nguchiro. Lakini nguchiro hawa wanne ukiwatofautisha kwa mkia, utakuwa umeandika rangi ya mkia na kuiita jina la mnyama.

Manyoya yanasaidia kidogo zaidi. Nilichomoa unywele mmoja mrefu wa mgongoni nikauinua kwenye mwanga. Unywele wa nguchiro hauna rangi moja. Una vipande vyeusi na vyeupe vinavyofuatana, na ndiyo maana mnyama mzima huonekana wa kijivu kilichonyunyiziwa chumvi. Chini yake kuna manyoya mafupi laini. Ya huyu yalikuwa ya rangi ya majivu yenye umanjano, jambo linaloelekea kwa mkia-mweupe. Nasema linaloelekea tu. Mzoga uliolowa huonekana mweusi kuliko alivyokuwa, uliokaa jua siku mbili hugeuka kahawia, na vumbi jekundu la pembeni mwa lami humpaka kila mnyama rangi moja. Kama una muda, fuata mahali ambapo manyoya yamekingwa: kwapani, chini ya kidevu, chini ya shina la mkia. Koo la Bdeogale jacksoni lina umanjano ulio wazi. La huyu lilikuwa la kijivu.

Basi tukafika kwenye miguu, na hapa ndipo mambo yanapoamuliwa.

Nguchiro wote wawili wa Bdeogale wana vidole vinne kila mguu, mbele na nyuma. Wengine wawili wana vitano. Ni hesabu ambayo mtoto wa chekechea anaiweza, lakini ndiyo hesabu ninayoiona imekosewa mara nyingi kuliko yoyote katika picha ambazo watu hunitumia, na sababu ni moja. Kidole cha tano cha nguchiro mkia-mweupe hakikai pamoja na wenzake. Kimepanda juu upande wa ndani wa mguu, ni kidogo, na manyoya meusi yamekifunika. Hakigusi ardhi na hakionekani katika picha iliyopigwa kutoka juu. Ukiutazama wayo kwa haraka utahesabu vinne, utamwandika Bdeogale, na utakuwa umemhamisha mnyama wa msituni hadi katikati ya shamba la miwa kwa kosa la jicho.

Dawa yake ni kuhesabu kwa kidole chako, si kwa jicho. Vaa glovu, shika mguu, pitisha kidole gumba upande wa ndani kuanzia kwenye viganja vinne kupanda juu, kinyume cha manyoya. Ukucha wa kidole cha tano utakukwama kama mwiba wa chungwa. Fanya hivyo kwa mguu wa mbele, kisha wa nyuma, na ikiwezekana miguu yote minne, kwa kuwa gari linaweza kung'oa kidole. Mguu mmoja wenye vinne haujathibitisha kitu. Miguu miwili yenye vinne, isiyo na jeraha wala kovu mahali pa cha tano, ni habari nyingine kabisa.

Mguu wa mbele wa kushoto wa mnyama wangu ulikuwa umepondeka. Wa kulia ulikuwa mzima. Nilipitisha kidole gumba nikakikuta, juu kidogo ya nilipotarajia, chenye ukucha uliopinda. Mguu wa nyuma nao ukawa hivyo hivyo. Vitano na vitano. Nikamwomba kijana apitishe yeye pia, akapitisha huku amegeuza uso, kisha akasema, "Kipo, kimejificha kama shilingi kwenye pindo la kanga."

Kwa hiyo Bdeogale wote wawili wakatoka, yule wa mkia mweusi na yule wa mkia mweupe. Wakabaki wawili: mkia-mweupe aliyezaliwa na mkia mweusi, au Rhynchogale. Tofauti yao iko puani. Mtazame mnyama usoni, uso kwa uso, kama unavyomtazama mbwa wako. Nguchiro mkia-mweupe ana mfereji mwembamba usio na manyoya unaoshuka kutoka katikati ya pua hadi kwenye mdomo wa juu, sawa na alionao mbwa au paka. Rhynchogale hana, chini ya pua yake manyoya yameendelea moja kwa moja hadi ukingo wa mdomo, na uso wake unaonekana kama umevimba kidogo mbele. Damu ilikuwa imeganda pale. Nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya chupa, na mfereji ukajitokeza, mweusi, mwembamba kama uzi.

Nguchiro mkia-mweupe, asiye na mkia mweupe.

Sikufurahi sana, nakiri. Kwa dakika kumi nilikuwa nimeshaanza kumpigia hesabu yule wa misituni, na mtu akishatamani jibu, vidole hupungua vyenyewe. Ndiyo sababu napiga picha kabla ya kuamua. Picha zangu huwa saba: mnyama mzima kutoka ubavuni, mkia wote hadi nchani, wayo mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kila mmoja ukiwa umegeuzwa ili upande wa ndani uonekane, meno ya upande mmoja, pua kutoka mbele, na mwisho mahali penyewe, pande zote mbili za barabara. Katika kila picha ya mwili naweka futi ya fundi cherehani. Sarafu na kalamu si mbaya, lakini futi haibishaniwi.

Kupima nako kuna mtego wake. Mkia hupimwa kutoka shinani hadi mwisho wa mfupa, na manyoya yanayozidi hapo hayahesabiwi. Kwa nguchiro hawa, manyoya ya nchani huongeza sentimita kadhaa, na anayeyahesabu humpa mnyama mkia ambao hakuwa nao. Huyu alikuwa na sentimita 58 kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, na 41 za mkia wenyewe. Mkia unaozidi nusu ya mwili namna hiyo unaafikiana na jibu la vidole. Mkia wa Bdeogale crassicauda kwa kawaida ni mfupi kuliko huo. Ningekuwa na vipimo peke yake nisingethubutu kutaja jina, lakini vikija baada ya vidole na pua ni shahidi wa tatu.

Nilimgeuza kuona jinsia. Dume. Angekuwa jike ningetazama chuchu, maana jike anayenyonyesha anaeleza kuwa kuna watoto karibu, na hilo si jambo ambalo kamera ya kutega hulionyesha kwa urahisi.

Kisha tukamsogeza kwenye nyasi kwa koleo la kijana, mbali na lami, ili mwewe na mbwa wanaokuja kula wasigongwe nao. Hatukuchukua kitu. Mkia mzuri kama ule humvutia mtu, lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu ngozi, meno na viungo vingine vya mnyamapori kuwa nyara, na kuvimiliki bila kibali ni kosa hata kama gari ndilo lililoua. Na haya yote hufanywa kwenye barabara za nje ya hifadhi. Ndani ya Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa inapita kilomita zipatazo 50 katikati ya hifadhi, hushuki garini kutazama mzoga. Unataja mahali getini na askari wa hifadhi wanafanya kazi yao. Simba naye husogelea mizoga.

Kinachoandikwa daftarini ni kifupi: tarehe, saa, namba za mahali kutoka kwenye simu, nilichokiona kwa kila kiungo, na jina mwishoni. Nayaandika kwa mpangilio huo kwa makusudi, jina likiwa la mwisho. Baadaye naingiza picha na namba za mahali kwenye iNaturalist, ambako wanaowajua nguchiro kuliko mimi wanaweza kunipinga. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, nayo imekuwa ikikusanya taarifa za watu wa kawaida kwa ajili ya atlasi ya mamalia wa nchi, na taarifa yenye picha ya wayo ina uzito tofauti na ile inayosema tu "tumeona nguchiro mweusi."

Mzoga mmoja unasema mnyama alikuwa hapa usiku huu. Hausemi wako wangapi. Nungunungu mkubwa atalala barabarani siku nzima akihesabiwa na kila abiria. Panya au komba ataondolewa na kunguru kabla jua halijapanda, na daftari litadai kwamba nungunungu ndio wengi. Mwingine hakufia hapo: ameanguka kutoka kwenye gari la mtu aliyemwinda mbali, au ameburutwa chini ya lori. Mnyama asiye na damu wala manyoya kwenye lami chini yake, mwenye miguu iliyofungwa alama ya kamba, simwandiki kuwa mkazi. Wa kwangu alikuwa na michirizi ya damu mita nne nyuma, upande wa Kidatu, na alama ya tairi iliyokwepa kwa kuchelewa.

Jioni ile nilifungua daftari la miaka ya nyuma. Nilikuta nguchiro watatu niliowaandika Bdeogale crassicauda kwa uhakika wa mtu asiyejua anachokosa. Wawili hawakuwa na picha ya miguu. Wa tatu anayo, imepigwa kutoka juu, vidole vinne vinaonekana vizuri, na pale pembeni, ndani ya manyoya, kuna kitu kidogo ambacho kinaweza kuwa ukucha au kinaweza kuwa punje ya kokoto. Niliikuza mpaka ikawa miraba ya rangi tu. Nikafuta majina yote matatu kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: nguchiro, vidole havikuhesabiwa.